Maswali Yanayojaa Inboksi Yetu ya Neti ya Faiba Mwanza, Posti 1 hadi 4

Posti ya 1: "Taa nyekundu inawaka, neti hakuna"

Angalia taa iliyoandikwa LOS. Ikiwa nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwenye ruta. Kuzima na kuwasha hakusaidii. Ule waya mwembamba una kioo ndani, na ukikunjwa kama kamba ya kuanikia nguo, mwanga unapotea. Chungulia nyuma ya kabati: mara nyingi kochi limeukandamiza. Usichomoe kichwa chake wala usikifute kwa kidole.

Ikiendelea, tutumie namba ya mteja, mtaa wako na picha ya taa. "Mambo, neti vipi?" tunaipokea kwa upendo, ila fundi haelewi aende Nyakato au Nyegezi.

Posti ya 2: "Nimelipia 20, mbona napakua kwa 2.5? Mnatuibia!"

Hatuibi, jamani. Kifurushi kinapimwa kwa megabiti, simu yako inaonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Gawa 20 kwa 8 unapata 2.5, yaani unapata chote ulicholipia.

Kama ni chini ya hapo, pima kwa kompyuta iliyochomekwa waya. Kwa waya ikiwa sawa, shida ni waifai ya ndani. Mtandao wenye 5G mwisho wa jina una kasi ukiwa karibu na ruta lakini hauvuki kuta vizuri. Ule mwingine una kasi ndogo ila unafika chumba cha nyuma. Na tafadhali, ruta isikae ndani ya kabati la vyombo. Mteja mmoja wa Kirumba alitulalamikia wiki nzima, kumbe kaiweka nyuma ya friji.

Posti ya 3: "Nimelipa, hairudi"

Zima ruta nusu dakika, washa. Bado? Tutumie ujumbe wa muamala. Namba ya siri usimpe mtu, hata akisema ametoka kwetu.

Kifurushi ni cha siku 30, si mwezi. Ukilipa Julai 1 saa nne asubuhi, kinaisha Julai 31 saa nne asubuhi.

Posti ya 4: Umeme, radi na visiwani

Umeme ukikatika, faiba inabaki hai, ruta ndiyo inazimika. Betri ndogo ya volti 12 inaweza kuibeba, ila soma kwanza nyuma ya adapta, maana zipo ruta za volti 9.

Radi za ziwani mnazijua. Wingu likitanda, chomoa ruta kwenye umeme kabla ngurumo hazijakaribia. Iliyopigwa na radi haimo kwenye dhamana, na hapo hatubembelezeki.

Ukerewe? Bado hatujafika. Faiba yetu inaishia Igoma upande mmoja na Buhongwa upande mwingine. Wa Isamilo juu kwenye mawe tunawafikia, mradi nguzo iwe karibu na fundi apate pa kukanyaga.