Na hilo la bibi

Rekodi iliishia pale mzee Chilumba anasema "mimi kwenye haya makato nina neno", baada ya hapo kimya, simu ilikuwa imejaa memori na haikutoa hata mlio. Somoe aligundua usiku akiwa nyumbani, daftari liko wazi, anataka kuanza kuandika muhtasari wa mkutano mkuu wa chama chao cha msingi, huku kwetu Tandahimba, chama cha korosho.

Nusu ya kwanza ilikuwa yote: dua, mahudhurio, taarifa ya mhasibu. Nusu iliyopotea ndiyo iliyokuwa na uamuzi wa kuezeka upya ghala.

Kesho yake mwenyekiti akamwambia, "Katibu usijisumbue, andika mkutano uliafiki makato ya shilingi 30 kwa kilo, basi."

Ila daftarini kwake kulikuwa na mstari mmoja aliouandika mbiombio: *30 – msimu – bibi S. – makofi*. Watu wa Kusini tunajua korosho ikishauzwa mnadani pesa inakuja benki makato yameshatoka, hakuna mtu anayekuuliza, na kato lililoingia bila mwisho linakaa miaka na miaka mpaka watoto wanalikuta. Kwa hiyo hilo neno "msimu" lilikuwa ni pesa za watu.

Akaanza kwa mhasibu. Kwenye daftari la mhasibu kulikuwa na hesabu ya siku ile ile, kilo 212,000 mara 30, jibu 6,360,000, na chini yake makisio ya fundi, 6,150,000. Somoe akaiangalia ile hesabu akaona kabisa kwamba msimu mmoja unatosha kumaliza paa, sasa wa pili ungekuwa wa nini?

Hiyo haikutosha lakini, hesabu inaonyesha kinachowezekana tu, haionyeshi watu walikubaliana nini.

Kijana mmoja akamtumia voisi ya Wasapu aliyokuwa amemrekodia kaka yake aliyeko Mtwara mjini, anamuuliza habari za salfa, na nyuma ya maneno yake unasikia kwa mbali sauti ya mwenyekiti: "...haya, wanaokubali na hilo la bibi, wanyooshe mikono." Halafu makofi. Somoe aliisikiliza na spika sikioni, akamwita na dada yake naye asikilize bila kumwambia cha kutegemea. Dada akasema, "na hilo la bibi."

Jioni akaenda kwa bibi Salima.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, kaa hapo kwenye mkeka."

Bibi hajui kusoma, ila akakaa akapanga mkutano wote kwa kufuata nani alisimama baada ya nani, mpaka na nani alikohoa. "Alisimama Chilumba, akapinga. Akafuata yule kijana wa pikipiki. Mimi nikasema nakubali, lakini msimu huu peke yake, ukiisha likome. Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akasema haya mikono."

"Mlikuwa wangapi mlionyoosha?"

"Hilo sikuhesabu, nisikudanganye."

Wajumbe wawili ndio waliohesabu. Mmoja akasema 61, mwenzake akasema 64, na kila mmoja ana uhakika. Mwenyekiti akasema weka 61 yaishe. Somoe akaandika: *Waliokubali walikuwa wengi kati ya wanachama 87 waliosaini mahudhurio. Idadi kamili haikuhifadhiwa. Wahesabuji wametoa namba mbili tofauti.* Mbele ya sehemu ile yote akaweka maelezo kwamba kuanzia ajenda ya nne kinasa sauti kilizima, na kila kipengele akakionyesha kimetoka wapi. Mwenyekiti alisoma akanyamaza muda, akasema, "Watatuona hatuko makini." Somoe akajibu, "Mwenyekiti, wataona nini tunajua na nini hatujui. Mwakani mtu akija kukata tena hiyo 30, wewe mwenyewe utaitafuta hii karatasi."

Mkutano uliofuata akasoma muhtasari wote kwa sauti. Alipofika "kwa msimu mmoja tu" watu wakaitikia ndiyo, ndiyo. Mzee Chilumba akanyoosha mkono.

"Hapo umeandika nilipinga. Sababu yangu iko wapi?"

"Sikuipata baba, rekodi ilikatika ukiwa ndiyo unaanza. Waliokusikia kila mtu alinipa yake, nikaona nisiweke nisiyokuwa na uhakika nayo."

"Nilisema sipingi paa. Napinga mabati ya geji 30, yale yale yaliyong'olewa na upepo. Tununue geji 28 hata kama ni ghali."

"Kweli alisema hivyo," bibi Salima akasema akiwa kakaa chini, na wengine wawili watatu wakadakia. Somoe akaandika kwa kalamu pembeni mwa karatasi, akasoma tena alichoandika, mzee akaitikia kwa kichwa. Mwenyekiti akasaini chini na pale pembeni pia, halafu akatangaza yatokanayo, na cha kwanza kilikuwa bei ya geji 28.