Anayekula wa kwanza: uaminifu, adhabu na jinsia kwenye michezo ya kupeana hela

Muhtasari wenyewe mfupi. Tukiongelea mchezo, au upatu ukipenda, tunasifia sana "kuaminiana" kama vile ni kitu kinachoota chenyewe kwenye moyo wa mtu. Mimi nasema sio hivyo. Wengi wanaolipa mpaka mwisho wanalipa kwa sababu hela yao haina pengine pa kukaa salama, na wanaokosa pa kuweka hela mara nyingi ni wanawake, hivyo suala la adhabu na suala la jinsia ni suala moja tu limevaa nguo mbili.

Tuanze na hesabu maana bila hesabu tutaishia kupiga porojo. Chukua wanawake 12, kila wiki kila mmoja anatoa fungu moja, jumla mafungu 12 na yote anapewa mmoja, wiki ijayo anapewa mwingine, mpaka wote wamekula. Hakuna riba, hakuna ofisi, hela hailali popote. Na haizaliani pia, watu wanachanganya mchezo na ile mitandao ya piramidi ya kuvuna pesa za wanaoingia nyuma, huku kwenye mchezo unatoa 12 unapata 12 basi. Faida ni muda. Ukiweka peke yako unasubiri wiki 12 ndo ununue cherehani, kwenye mchezo wa kura kwa wastani unasubiri wiki 6 na nusu, na hata yule wa mwisho kabisa kwenye karatasi hajachelewa kuliko angekuwa peke yake (ila bei zikiwa zinapanda kila siku yeye ndo anaumia, hilo tusimfiche).

Ndo maana mambo haya yako kila mahali: Ghana wanaita susu, Mexico tanda, Indonesia arisan, Ethiopia ekubu, Afrika Kusini stokveli, Misri gamiya. Mwaka 1962 mwanaanthropolojia Clifford Geertz aliandika kwamba ni ngazi ya katikati tu, uchumi ukikua watu watahamia benki na michezo itakufa. Miaka zaidi ya 60 imepita na wafanyakazi wa benki wenyewe wanacheza mchezo na wenzao wa kaunta, mwezi hadi mwezi.

Sasa twende kwenye kidonda. Aliyekula wiki ya kwanza ametoa fungu moja kapokea 12, kwa hiyo anadaiwa 11. Wa pili anadaiwa 10. Wa mwisho hadaiwi hata senti, yeye ni mkopeshaji mtupu. Kinachomfanya wa kwanza arudi wiki ya pili na fungu lake ni nini? Jibu la haraka ni kwamba akikimbia hatachezeshwa tena. Jamani, hiyo peke yake haitoshi na ukikaa chini unaona kwa nini. Kula wiki ya 1, kimbia, halafu kuanzia wiki ya 2 weka fungu moja kila wiki kwenye kibubu chako. Ikifika wiki ya 13 una mafungu 12 mkononi, kiasi kile kile na wiki ile ile ambayo kikundi kingekupa kwenye duru ya pili, umetoa kiasi kile kile, tena kibubu ni chako ukikwama wiki moja hakuna wa kukugongea mlango. Kufukuzwa hakujakupunguzia kitu. Wachumi Anderson, Baland na Moene walilionyesha hili kihesabu mwaka 2009, kwamba bila adhabu nyingine ya kijamii mchezo hausimami hata kama mkimbiaji anafungiwa maisha.

Ila soma hesabu hiyo tena. Inategemea kibubu. Inamchukulia mtu anayeweza kuweka hela wiki 12 mfululizo ndani ya nyumba yake na isiguswe.

Mimi nimelelewa na kijumbe, mama alichezesha mchezo wa wanawake 12 miaka na miaka, nami nikiwa mdogo nilikuwa nashika daftari. Mistari ya rula, majina kushoto, wiki juu, aliyelipa anawekewa tiki kwa kalamu ya bluu na aliyechelewa kiduara chekundu. Duru moja kuna mama alikula wa kwanza, akalipa mpaka wiki ya nne, wiki ya tano kiduara, ya sita kiduara. Mama hakupiga kelele, alichukua daftari akaenda kwa dada yake yule mama ambaye ndo alimdhamini, akalifungua mezani akakaa kimya. Dada mtu akatoa mafungu mawili palepale. Kesho yake yule mama akaja mwenyewe, na alichosema sijakisahau: naomba msinitoe, hela ikilala kwangu siku mbili inajulikana.

Inajulikana na nani, kila aliyekuwa pale alielewa.

Kwa mtu kama huyo kufukuzwa ni adhabu kweli, kwa sababu ile njia ya kibubu hana. Na hii sio hadithi ya kwetu tu. Anderson na Baland walifanya utafiti Kibera, Nairobi, ukachapishwa 2002, wakakuta wanachama wengi ni wanawake na wengi wao wanaishi na wanaume, na mchezo unawasaidia kutoa hela nyumbani kabla haijapangiwa kazi nyingine. Kilichonivutia zaidi ni umbo la matokeo: mwanamke asiye na sauti kabisa ndani hachezi sana maana hata fungu la kutoa hapati, mwenye sauti yote hachezi sana maana hana mtu wa kumficha hela, wanaojazana ni wale wa katikati. Hela ikishatolewa ni "ya watu", na hela ya watu hata mume mkali anasita kuidai. Siku ya kula ndo hatari maana fuko linaonekana, kwa hiyo wengi wanapitia dukani kwanza wanarudi na kitu, kitu kizito huwezi kukichenji kirahisi.

Upande mchungu sasa. Vikundi vinajikinga kwa kuwaweka wageni mwishoni, kudai mdhamini, na kumfuata mdaiwa mpaka kazini. Aibu ndo polisi wa mchezo, na aibu inambana zaidi asiyeweza kuhama, yaani mwenye watoto shuleni na ndugu mtaani. Mwanaume akihepa anahama mji, deni linabaki kwa mke au dada. Kwa hiyo wafadhili wakisema "wanawake wanalipa vizuri" wakaishia hapo, wanasifia mtego bila kuuliza nani kanasa.

Wenye kutaka kurasimisha nao wawe makini. India ina sheria ya chiti fandi, yaani michezo yao ya kupeana hela, tangu 1982, inambana mwenye kuchezesha, na kule mafuko ni makubwa na watu hawajuani, inaeleweka. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzia Niger 1991 chini ya shirika la misaada la CARE vinatumia sanduku la kufuli tatu, sawa, ila hapo hela inalala na inahitaji kulindwa. Mchezo haulazi hela. Ukiulazimisha upite kwenye akaunti yenye jina na meseji inayoingia kwenye simu ambayo mume anaishika, umewapa ushahidi mzuri wa malipo na umewanyang'anya kile kilichowaleta. Kabla ya kutengeneza programu yoyote ya simu ya upatu, swali la kwanza kwa wanachama liwe meseji ikiingia saa mbili usiku inasomwa na nani.