Hesabu ya mita na malipo ya nguo za sherehe ya kwanjula

Kisenyi, Kampala
14 Agosti 2025

Kwa Mama Zaitun, Bombo

Assalaam alaykum. Natumaini nyumbani ni wazima na maandalizi yanakwenda vizuri.

Ujumbe wako nimeupata. Umeuliza kwa nini kitenge cha magauni ya wale wasichana wanne kimekuwa pisi 3, wakati wewe uliweka pisi 2, na kwa nini jumla imefika shilingi 780,000 badala ya 685,000. Ni haki yako kujua, maana pesa ni yako. Nimeona nikuandikie hesabu nzima, kwa sababu kwenye simu namba hupotea.

Nianze na pisi yenyewe. Kitenge hukatwa kwa yadi, sisi mafundi tunapima kwa mita, na hapo watu wengi hupunjika bila mtu kuwapunja. Pisi moja ni yadi 6, nazo ni mita 5.49, hazifiki 6. Pisi niliyonunua Kiyembe nilipoitandaza mezani ilitoa mita 5.47. Baada ya kuilowesha, kuianika na kuipiga pasi, imebaki mita 5.30. Pamba kwa kawaida hurudi hivyo kwenye maji ya kwanza. Ukikata kabla ya kulowesha, gauni hukaa vizuri siku ya kujaribu, likifuliwa mara moja tu linabana kifuani na bitana inaning'inia ndani kwa sababu yenyewe hairudi kama kitenge. Kwa hiyo hesabu yangu yote inatumia 5.30. Upana ni inchi 46, karibu sentimita 117. Ukiondoa kingo zile mbili zenye maandishi ya kiwanda, panapofaa kukatwa ni sentimita 112.

Sasa mchoro. Mlichagua kitenge chenye korongo wa taji, wote wamesimama, vichwa juu. Ni kitenge kizuri sana na kinafaa shughuli yenu. Lakini kina upande mmoja wa kusimama, na jambo hilo peke yake ndilo lililoongeza pisi ya tatu.

Sketi mliyotaka ni ya kumwagika, nusu duara, yenye vipande vinne. Kiuno kikubwa kati ya wale wasichana ni sentimita 76. Nikigawa kwa 3.14 napata 24.2, ndipo duara la kiuno linapoanzia. Naongeza urefu wa sketi, 70, na pindo la chini, 3, inakuwa 97.2. Nusu duara hiyo nikiigawa vipande vinne na kuacha sentimita 2 za mshono kila ubavu, kila kipande kinakuwa na upana wa 22.5 juu na 78.5 chini, na urefu wa 76. Hizo 2 za mshono siwezi kuzipunguza, maana mtu akinenepa kidogo kabla ya sherehe tunaachia mshono na gauni linaokoka.

Kama kitenge kingekuwa cha maua yaliyotawanyika, ningelaza kipande kimoja kichwa juu na jirani yake kichwa chini. Upana wa juu wa kimoja unakaa kando ya upana wa chini wa mwenzake: 22.5 na 78.5 ni 101, na 101 inaingia ndani ya 112. Vipande vinne vinatoka kwenye safu mbili, yaani mita 1.52. Sehemu ya juu ya gauni inaongeza sentimita 45, mikono ya puto 30. Gauni moja mita 2.27. Hiyo bila shaka ndiyo hesabu uliyopewa na yule aliyekushauri, na kwa kitenge cha maua hakukosea.

Kwa korongo, nikigeuza kipande, ndege wa nusu ya sketi watatembea vichwa chini. Vipande vyote lazima visimame upande mmoja, na viwili vikisimama hivyo vinataka 157 kwa upana. Nina 112. Kila safu inabeba kipande kimoja tu. Safu nne za sentimita 76 ni mita 3.04, sehemu ya juu ni 0.45, jumla mita 3.49 kwa gauni moja. Mikono sikuihesabia kitambaa, kwa sababu pembeni mwa kila kipande inabaki nafasi, nyembamba chini na pana juu, na mkono wa puto wenye upana wa 45 na urefu wa 30 unaingia pale bila shida. Vitambaa vya ndani ya shingo navyo vinatoka humo humo.

Msichana mmoja, yule mrefu, anahitaji sketi ya 76 badala ya 70. Safu zake ni za sentimita 82 na sehemu ya juu 47, kwa hiyo lake linakula mita 3.75. Ukijumlisha:

Magauni matatu × 3.49 = mita 10.47
Gauni refu = mita 3.75
Jumla = mita 14.22

Pisi 2 zinatoa mita 10.60. Hazitoshi hata nikikaza vipi. Pisi 3 zinatoa 15.90. Lakini si jumla tu ya kuangalia, maana safu haiwezi kukatika nusu kwenye pisi moja na nusu kwenye nyingine, basi nimezipanga moja moja kabla ya kukuandikia. Pisi ya kwanza na ya pili kila moja inabeba safu sita za 76 na sehemu moja ya juu, inafika mita 5.01. Pisi ya tatu inabeba safu nne za gauni refu, sehemu yake ya juu, na ya gauni la mwisho, jumla mita 4.20. Kinabaki kipande cha mita 1.10 na vipande viwili vya sentimita 29. Vyote vitarudi kwako kwenye mfuko. Kile cha mita 1.10 ukikipasua katikati kwa urefu na kuunganisha, kinatoa kilemba kimoja.

Gomesi zenu mbili, yako na ya shangazi wa bibi arusi, nimeweka mita 6 kila moja. Hapo sishauri kupunguza. Gomesi huzunguka mwili na kukunjika mbele chini ya kitambaa cha kiunoni, na ikikosa upana mkunjo hufunguka mtu akipiga magoti kusalimia wageni, jambo ambalo siku ya kwanjula hufanyika tangu asubuhi hadi jioni. Vitambaa vya kiunoni vyote viwili vimetoka kwenye mita 2.5 za satini niliyoipasua katikati, hivyo hukulipia mara mbili. Kikoyi cha ndani hamkuniagiza, nimechukulia mnavyo.

Vifaa vimegharimu hivi. Kitenge pisi 3 kwa 75,000 ni 225,000. Kitambaa cha gomesi mita 12 kwa 15,000 ni 180,000. Satini mita 2.5 kwa 10,000 ni 25,000. Bitana mita 2 kwa 6,000 ni 12,000. Zipu za kujificha 4 kwa 2,000 ni 8,000. Uzi rili 5 kwa 2,000 ni 10,000. Kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi, kwa shingo za magauni na ncha za mikono ya gomesi, mita 2 kwa 5,000 ni 10,000. Vifungo 4 vya gomesi kwa 500 ni 2,000. Jumla ya vifaa ni shilingi 472,000. Risiti za Kiyembe ninazo, nitazitia kwenye mfuko pamoja na nguo.

Ushonaji wa magauni ni 45,000 kila moja, 180,000 kwa manne, na la yule mrefu sikuliongezea kitu. Gomesi ni 50,000 kila moja, 100,000. Nimeongeza 5,000 kwa kila gauni kwa kulinganisha ndege kwenye mishono, jumla 20,000. Hiyo inalipia muda: kabla ya kukata, kila kipande napaswa kukiteremsha au kukipandisha sentimita chache ili miguu ya korongo upande huu wa mshono ikae sawa na miguu ya upande wa pili, halafu nashona kwanza kwa mkono ndipo naingiza mashineni, kwa sababu mashine huvuta kitambaa cha chini na mchoro unahama. Nafasi hizo za kusogeza ndizo zitakazokula zile 29 za pisi ya kwanza na ya pili, kwa hiyo usishangae zikirudi nyembamba kuliko nilivyoandika. Kutuma mzigo kwa teksi mpaka Bombo ni 8,000.

Kwa hiyo: vifaa 472,000, ushonaji 300,000, usafiri 8,000, jumla 780,000. Ulitanguliza 400,000, imebaki 380,000. Tofauti ya 95,000 uliyoiona ni pisi ya tatu, 75,000, na kulinganisha mchoro, 20,000. Hakuna kingine kilichopanda.

Sijakata bado. Nimelowesha pisi mbili tu. Ya tatu iko kama nilivyoitoa dukani, na muuzaji amekubali kuipokea hadi Jumatatu. Kama bajeti imebana, njia zipo mbili. Ya kwanza ni kugeuza vipande, nusu ya ndege wawe vichwa chini. Hiyo nakuomba tuiache, picha za kwanjula hukaa ukutani miaka mingi. Ya pili ni kubadili sketi iwe nyembamba iliyonyooka, ambapo mbele na nyuma vinakaa kwa upana mmoja na ndege wote wanabaki wima. Gauni moja linakula takriban mita 1.51, refu 1.59, yote manne mita 6.12. Pisi 2 zinatosha na kubakiza zaidi ya mita 4, na mishono ni michache kiasi kwamba ile 20,000 naifuta. Bili inashuka hadi 685,000 na salio linakuwa 285,000. Zikinyooka hazitazunguka wakicheza, hilo wasichana walijue kabla hujaamua.

Mimi ningebaki na sketi ya kumwagika. Lakini amua wewe, nami nitashona kwa uangalifu ule ule.

Naomba jibu kabla ya Jumapili jioni. Salio usitume sasa. Utalipa baada ya kujaribu, Jumamosi ya wiki inayofuata, na ikiwa kuna pa kurekebisha narekebisha bila malipo. Siku hiyo wasichana waje na viatu watakavyovaa kwenye sherehe, na wewe na shangazi mje na vikoyi vyenu, maana urefu wa gomesi naupima juu ya kikoyi na kiatu.

Wasalaam,
Fundi Ramadhani