Maelezo ya huduma ya ulinzi wa usiku kwa wenye maduka, Majengo, Dodoma

(Yasomwe na msimamizi wa malindo kwenye kikao cha jioni. Nakala ya rasimu ya mkataba igawiwe kabla ya kuanza.)

Mheshimiwa mwenyekiti wa wafanyabiashara, wazee wetu, mama zangu na ndugu zangu wote wenye maduka katika safu hii, shikamooni kwa wanaostahili, na kwa wengine habari za jioni. Nawashukuru kwa kufunga mapema ili mtusikilize. Sikuja kuwatisha kwa habari za wizi, kwa sababu mnaufahamu mtaa wenu kuliko mimi. Nimekuja kueleza kazi tutakayoifanya, kazi ambayo hatutaifanya, na gharama yake, ili kila mmoja aamue akiwa ameelewa.

Ombi lenu lilikuwa ulinzi wa usiku kwa maduka 16. Baada ya kulipita eneo mara kadhaa, mchana na usiku, tunapendekeza malindo mawili: la kwanza mbele, kwenye baraza linalotazama barabara, na la pili nyuma, kwenye uchochoro wa kupakulia mizigo. Tunasisitiza hilo la nyuma kwa sababu milango yenu ya mbele ni ya chuma na inamulikwa na taa za barabarani, wakati ile ya nyuma mingi ni ya mbao, na umeme unapokatika uchochoro wote huwa giza. Mlinzi mmoja akiachiwa pande zote mbili, anayemvizia atasubiri tu apite kona.

Zamu itaanza saa 12 jioni na kuisha saa 12 alfajiri, siku zote za wiki, sikukuu zikiwemo. Kwa malindo hayo mawili tutaajiri walinzi wanne, si wawili. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini mlipie watu wanne wakati usiku mnawaona wawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na mlinzi anayekesha saa 12 kila usiku bila mapumziko anafikisha saa 84. Mtu huyo atalala lindoni, na hapaswi kulaumiwa peke yake. Aliyempanga hivyo alikuwa amekwisha kuuza usingizi kwa bei ya ulinzi. Kwa watu wanne, kila mmoja atafanya kazi usiku mitatu au minne kwa wiki, na mtakuwa na haki ya kutudai awe macho.

Kila mlinzi atafika akiwa na sare, kitambulisho chenye picha, tochi, filimbi, kirungu na simu ya upepo. Hatakuwa na bunduki. Silaha za moto zinasimamiwa na sheria yake ya mwaka 2015, zinahitaji leseni na mafunzo ya pekee, na kwa maoni yetu uchochoro mwembamba uliopakana na nyumba za watu si mahali pa kufyatulia risasi. Kabla ya kumpanga mlinzi hapa, tunachukua wadhamini wake wawili, barua ya serikali ya mtaa anaoishi, na alama zake za vidole zilizopitishwa polisi. Mwenyekiti wenu ataruhusiwa kuyaona majalada hayo ofisini kwetu.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini kuhusu kufunga, maana migogoro mingi baina ya wateja na kampuni za ulinzi huanzia hapo. Funguo hubaki kwa mwenye duka. Mlinzi hatapokea funguo hata kwa dakika tano, na anayemwomba amhifadhie anamtia majaribuni yeye na kujitia hasarani mwenyewe. Mkishafunga, mlinzi atapita nanyi, atavuta kila kufuli, kisha mwenye duka na mlinzi watatia saini katika daftari la lindo. Asubuhi mtakagua kufuli pamoja na kutia saini tena. Duka lililofungwa bila kukaguliwa litalindwa kama mengine, lakini ikitokea hasara itakuwa vigumu kuthibitisha kwamba mlango ulikuwa salama jioni ile.

Usiku, mlinzi atazunguka eneo lake angalau mara moja kila nusu saa, na kuandika alichokiona. Msimamizi atatembelea malindo mara mbili kwa usiku, kwa saa ambazo walinzi hawazijui. Ikitokea dalili ya uvunjaji, mlinzi atapiga filimbi, atakiita kikosi chetu cha dharura kwa simu ya upepo, atawapigia polisi kwa namba 112, kisha atampigia mwenye duka husika. Ukitokea moto, atawapigia zimamoto kwa namba 114. Ndiyo maana tunaomba kila duka litupe namba mbili za simu, na iwepo walau moja ambayo haizimwi usiku.

Mlinzi akimkuta mtu akivunja duka, anaweza kumkamata, kwa kuwa sheria inampa raia yeyote nafasi hiyo kwa kosa kama hilo linalotendeka mbele yake, ila anatakiwa kumkabidhi polisi bila kuchelewa. Hatampiga, hatamhoji kwa nguvu, wala hatamwacha mikononi mwa wananchi wenye hasira. Nalisema hili mapema, kwa sababu usiku wa tukio baadhi yenu mtatamani vingine, na mlinzi wetu atakataa.

Yapo mambo yasiyo ndani ya huduma hii. Mlinzi hashushi mizigo, hatumwi dukani, hasindikizi fedha kwenda benki, wala hashughulikii madeni baina yenu na wateja. Bidhaa zinazoachwa barazani baada ya kufunga, zikiwemo meza za wamachinga, hazimo kwenye ulinzi mpaka ziorodheshwe na kusainiwa. Vilevile sisi si kampuni ya bima. Tutalipa hasara pale uchunguzi utakapoonyesha uzembe au ushiriki wa mlinzi wetu, kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba. Hasara nyingine, hasa ya moto, inafaa ikatiwe bima, na anayeikata asiifiche kwetu, kwani taarifa za daftari letu zinaweza kumsaidia wakati wa madai.

Gharama ni shilingi 800,000 kwa lindo moja kwa mwezi, hivyo malindo mawili ni shilingi 1,600,000. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, yaani shilingi 288,000, jumla ni shilingi 1,888,000, na kwa maduka 16 kila duka litachangia shilingi 118,000. Malipo yapitie akaunti ya benki ya kampuni, nasi tutatoa risiti ya mashine ya EFD. Asipewe mlinzi fedha ya huduma mkononi, hata akisema ametumwa. Chai ya usiku wa baridi ya mwezi wa sita na wa saba ni hiari yenu, na hatutaikataza.

Mkataba wa kwanza ni wa miezi mitatu, na upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya maandishi ya siku 30. Mkiwa na malalamiko juu ya mlinzi fulani, mwenyekiti atuandikie, nasi tutambadilisha ndani ya saa 24 wakati tukiendelea kuchunguza.

Kesho saa 11 jioni nitakuwa hapa pamoja na msaidizi wangu, tupite duka kwa duka kuangalia milango ya nyuma na taa zake. Kila mwenye duka awepo au amtume mtu anayeweza kusaini kwa niaba yake. Sasa nakaribisha maswali, nikianza na wazee.