Shangazi, muhtasari wa ripoti ya nyumba ya Ngamiani

Shikamoo Shangazi. Ile ripoti ya ukaguzi nimeimaliza, kurasa 41 na yote Kiingereza, nimeisoma mara mbili halafu jana alasiri nikaenda nayo mpaka nyumbani nikasimama kila mahali walipopiga picha. Nakuandikia kwa kirefu kwasababu Baba Mdogo alikwambia tumepata nne na tano, na kuna A mbili, kwahiyo nyumba imefaulu. Hapana Shangazi. Hizi sio maksi za shule. Kwenye hii ripoti 1 ndio nzuri na 5 ndio mbaya kabisa, na ile herufi ni haraka ya kutengeneza, A ni mara moja yaani ndani ya saa 48, B ndani ya siku 30, C ndani ya miezi 6, D ni wakati wa matengenezo ya kawaida. Kwahiyo ukiona 5A ujue hakuna kibaya zaidi ya hicho.

Na hiyo 5A ni balkoni ya mbele.

Pale juu inapoungana na ukuta kuna ufa umekwenda urefu wote wa mita 4 na nusu, wao wameupima milimita 1.5 mpaka 2, mimi nimechukua kadi ya benki nikaisimamisha ikazama bila kulazimisha. Balkoni ile imening'inia tu, mbele haina nguzo, kinachoishika ni zile nondo za juu zinazoingia ndani ya nyumba, na maji ya mvua yanaingilia hapohapo kwenye ufa. Injinia ameandika kwamba balkoni ya namna hii ikiamua kuanguka haitoi ishara kwanza, inashuka mara moja. Anachotaka: ifungwe leo, asipande mtu, vyungu vya maua vitolewe, chini pazungushiwe kamba asipite mtu, na ndani ya siku 14 yeye atoe mchoro wa kuiegemeza au uamuzi wa kuivunja. Mlango nimeshaufunga na ufunguo ninao. Yule mama wa bajia anayekaa chini kwa ajili ya kivuli nimemuomba ahamie upande wa mwembe, amekubali, ila jioni wateja wanamfuata palepale pa zamani kwahiyo nitarudi tena leo kuweka kamba na mapipa.

Cha pili ni nguzo namba 3, ile ya kona ya nyuma, 4B. Hapa nisikilize vizuri maana ndipo rahisi kukosea. Plasta imebanduka, nondo zinaonekana, zilikuwa za milimita 16 sasa pabaya zaidi zimebaki 13, ukipiga hesabu karibu theluthi ya chuma imeliwa na kutu. Zege lililofunika nondo ni milimita 15 tu, na kwa nyumba inayopigwa na upepo wa bahari kila siku hiyo ni ndogo sana, chumvi imepenya ikafika kwenye chuma, chuma kikishika kutu kinavimba na ndicho kinachoisukuma plasta itoke. Sasa ile B, siku 30, ina sharti na sharti limeandikwa ukurasa wa 23 chini kwa maandishi madogo: ni B *endapo tangi la maji la juu limeondolewa maji ndani ya saa 48*. Lile tangi ni lita 5,000, ni tani tano zimekaa juu ya nguzo hiyohiyo. Tukiacha limejaa, nguzo inakuwa 4A. Baba Mdogo ananiambia tusubiri mwisho wa mwezi wapangaji wasikose maji, mimi nasema wapangaji watachota bombani chini wiki hizi, nakuomba uniruhusu nilifungulie leo.

Na yule fundi aliyesema apige plasta na rangi kwa siku mbili, usimlipe hata nauli. Plasta juu ya kutu inaficha tu, chini chuma kinaendelea kuliwa na mwakani hatutaona kitu mpaka pabomoke. Ripoti inasema zege bovu litolewe mpaka nyuma ya nondo, nondo zisafishwe, zilizoisha ziongezewe nyingine, na kabla ya kugusa chochote mzigo wa juu uwe umeegemezwa kwa mirunda au vyuma kwa mchoro wa injinia aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi, ERB. Sio mirunda ya kukisia.

A ya pili ni meinswichi ya koridoni, 3A. Ubaya wake ni wa wastani, ukuta wenyewe mzima, ila maji ya bomba la bafu la juu yanatiririka nyuma ya boksi la umeme, ndio maana haraka yake ni sawa na ya balkoni. Fundi umeme anakuja leo saa nane, lile bomba tumeshalifunga.

Ule ufa wa ngazini uliokunyima usingizi wewe umepewa 2D. Najua unatisha maana uko mrefu na unaonekana ukiingia tu, lakini ni wa plasta, milimita 0.3, wamekwangua wakaona tofali la nyuma halijapasuka. Wameandika tarehe kwa penseli kwenye ncha zake mbili, tukiona umevuka alama ndio tuwaite. Kwahiyo pesa isianzie hapo.

Bati na mifereji ni 3C, miezi 6, ila masika ikitangulia tutavuja kwahiyo mimi ningeiwahisha, hayo ni maoni yangu ripoti haijasema. Milango na madirisha 2D, kutu ya juujuu.

Msingi haukukaguliwa. Kwenye jedwali wameweka kistari, hawakuweka 1, kwahiyo mtu asikwambie msingi ni mzima. Wanaomba kuchimba mashimo mawili pembeni ya nguzo namba 3 na nyingine ya mbele waangalie, na mimi naona tukubali kabla ya kazi ya nguzo kuanza.

Ukurasa wa mwanzo utaona alama ya jumla ya nyumba ni 3. Hiyo ni wastani wa vyote pamoja na vyumba ambavyo havina tatizo, usiitumie kuamua kitu, balkoni haipoi kwasababu jikoni ni pazuri.

Hawajasema nyumba ivunjwe na hawajasema wapangaji wahame, nalisema hili maana mtaani habari imeshafika kwamba nyumba ya Shangazi imehukumiwa. Walichosema ni kwamba mlango wa fremu ya nyuma ukianza kugoma kufunga, au nyufa mpya zikatokea karibu na ile nguzo, watu wa fremu ile na chumba cha juu yake watoke siku hiyohiyo mpaka injinia aje. Nimewaambia wote wawili ana kwa ana, na namba yangu wanayo.

Bei ripoti haijataja na mimi sitakutajia ya kubahatisha, nitaomba makadirio kwa wakandarasi wawili baada ya mchoro kutoka, na kibali cha Halmashauri ya Jiji tutakiombea hapohapo.

Ninachohitaji kwako sasa hivi ni viwili: tangi nilifungulie, na injinia nimwambie aanze mchoro wa balkoni. Nijibu hata kwa sauti, simu iko mkononi na niko hapahapa nyumbani nasubiri fundi umeme.