Ujumbe wa Kwanza Unaojibika: Mwongozo kwa Mwalimu wa Somo la Programu

Mwongozo huu ni wa mwalimu anayefundisha Python kwa wanaoanza, ambao wakikwama jioni humwandikia yeye au msaidizi wa maabara. Kipimo cha ujumbe ni kimoja: anayejibu atalazimika kuuliza maswali mangapi kabla hajaanza kusaidia? Kila swali la nyongeza linaweza kugharimu saa nzima, kwa kuwa anayeuliza na anayejibu hawako mtandaoni kwa wakati mmoja.

Anza na ujumbe mbovu. Uandike ubaoni:

"Shikamoo mwalimu. Programu yangu inagoma. Naomba msaada."

Usiseme kasoro yake. Waambie wanafunzi kwamba wao ndio wanaojibu, na kila mmoja aandike anachohitaji kujua kwanza. Wape dakika 5. Watauliza programu gani, inagomaje, imeandika nini kwenye skrini. Kusanya maswali hayo ubaoni na wayanakili, maana orodha waliyoitunga wenyewe wataikumbuka kuliko utakayowaletea. Salamu iacheni ilivyo, ila iende pamoja na swali. Kinachochelewesha ni kutuma "Shikamoo" peke yake na kungoja "Marahaba" ndipo shida itajwe.

Sasa waonyeshe msimbo wenyewe:

```python
jumla = 0
for alama in open("alama.csv"):
    jumla = jumla + alama
```

Kisha ujumbe uleule ulioandikwa upya:

"Shikamoo mwalimu. Nataka kujumlisha alama zilizo kwenye faili alama.csv, kila mstari una namba moja. Kwa namba 68, 75 na 71 nilitarajia 214. Programu inasimama mstari wa 3 na kuandika: `TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'int' and 'str'`. Nilipoweka print(alama) kabla ya mstari huo ilitoka 68, na chini yake mstari mtupu. Kwa nini haijumlishi? Msimbo wote nimeubandika hapa chini."

Huu unajibika mara moja: kinachosomwa kutoka kwenye faili ni maandishi, hivyo aandike `int(alama)`. Darasa litazame hasa ule mstari mtupu. Mwandishi hakujua maana yake, lakini aliutaja, na ni dalili kwamba `alama` bado ni maandishi yaliyobeba herufi ya mwisho wa mstari. Wanafunzi wengi huacha wanachokiona kwa kudhani hakihusiani. Wafundishe kuandika walichokiona kabla ya wanachokidhani. "Nadhani Python yangu ni mbovu" haimsaidii mtu, na mara nyingi humpotosha anayejibu.

Ujumbe wa kosa unakiliwe na kubandikwa kama maandishi, wote, hadi mstari wa mwisho. Katika Python mstari huo ndio unaotaja aina ya kosa, na ndio unaokatika zaidi picha inapopigwa kwa simu. Isitoshe, kwenye picha anayejibu hawezi kunakili msimbo akaujaribu. Picha ya skrini inafaa pale tu tatizo ni la mwonekano, kama mchoro uliopinda. Mwonye pia anayeandika msimbo upya kwa mkono ndani ya ujumbe: bila kujua hurekebisha kosa la tahajia lililokuwa chanzo cha shida, au hupoteza nafasi za mwanzo wa mstari, ambazo Python inazihesabu.

Kosa gumu kulibaini ni la mwanafunzi anayeuliza kuhusu njia aliyoichagua na kuficha lengo. Anauliza, "Nakataje herufi 3 za mwisho kwenye jina la faili?" Ukimjibu, kesho atarudi: `.jpeg` ina herufi 4. Alichotaka ni jina bila kiambishi cha faili, na kuna `os.path.splitext` kwa kazi hiyo. Kwa hiyo sentensi ya kwanza baada ya salamu ianze na "Nataka…", ikitaja matokeo anayoyatafuta.

Msimbo mrefu upunguzwe. Afute sehemu moja, aendeshe tena, na kosa likibaki aendelee kufuta. Mistari 10 inatosha mara nyingi, na wengine hugundua kosa wenyewe katikati ya kufuta.

Kwa zoezi, wapange wawiliwawili. Kila mmoja aandike ujumbe kuhusu kosa lake halisi kwa dakika 10, kisha wabadilishane. Msomaji haruhusiwi kuuliza kwa mdomo: anaandika maswali yake pembeni, na mwandishi anaandika upya hadi pembeni pawe patupu.

Majuma yanayofuata, ujumbe wenye upungufu ujibu kwa swali moja tu, lile muhimu zaidi, bila kukisia. Ukikisia na ukapatia, mwanafunzi atakuwa amejifunza kwamba "inagoma" inatosha.