Ripoti za simu, Jumapili 18 Mei: tufungue kabla ya saa tatu

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Jumapili imefika tena. Naomba kila mmoja afungue ripoti ya simu yake, aangalie wiki iliyoisha jana Jumamosi, halafu atuandikie hapa mambo matatu: programu gani imekula saa nyingi, saa hizo zimeangukia wakati gani wa siku, na kitu gani kimoja atakibadilisha kuanzia kesho. Kimoja tu. Ile wiki tuliyoandika vinne vinne, hakuna hata kimoja kilichofika Jumatano.

Mdogo wangu wa Dodoma na kitinda mimba wetu mna aifoni, ninyi ingieni Settings, kisha Screen Time, mguse See All App & Website Activity mchague Week. Kaka, mimi na wewe ni Settings, Digital Wellbeing & parental controls, halafu Dashboard. Ukigusa jina la programu inakufungulia ya kwake peke yake. Mkumbuke saa za kwenye grafu si hizi zetu: 22 ni saa nne usiku, 5 ni saa kumi na moja alfajiri. Jumapili iliyopita mtu aliandika "natumia sana saa nne" tukadhani asubuhi, tukampa ushauri wa asubuhi, kumbe ni usiku.

Naanza na yangu ili pasiwe na wa kuona haya. Jumla ni saa 31 na dakika 30 kwa wiki, yaani saa nne na nusu kila siku. Wiki iliyotangulia zilikuwa 35. WhatsApp saa 10 na dakika 40, TikTok 8 na dakika 5, YouTube 6 na dakika 20, Facebook 2 na dakika 15, zilizobaki ni vitu vidogo vidogo.

Sasa, ukiangalia kwa haraka utasema tatizo langu ni WhatsApp, maana ndiyo iko juu. Nimekaa nayo leo baada ya adhuhuri nikaipitia siku kwa siku. Sehemu kubwa ya saa hizo kumi ni wateja: picha za mishono, vipimo, mtu anauliza gauni lake limefika wapi. Hiyo ni kazi, inaniletea pesa, siigusi. YouTube nayo ni mawaidha ninayoweka jikoni nikipika, simu imeegemea kopo la sukari. Kioo kikiwaka simu inahesabu, hata kama mimi mgongo nimekipa.

Zilizonichoma ni zile nane za TikTok, kwa sababu karibu zote ziko kati ya 22 na 24. Saa nne usiku nimemaliza kila kitu, watoto wamelala, nasema nitazame kidogo tu nipumzishe akili. Nikiinua kichwa ni saa sita. Gauni lenye bitana hunichukua saa tano kulikata na kulishona. Basi hapo pana gauni moja na nusu, na usingizi juu yake, na asubuhi naamka na hasira naimalizia kwa mtoto anayetafuta soksi.

Badiliko langu: chaja imetoka chumbani. Tangu juzi iko sebuleni, kwenye soketi iliyo nyuma ya cherehani, na nimenunua saa ya mezani ya kuniamsha alfajiri, ili nisiwe na kisingizio cha alamu. Usiku wa kwanza mkono ulipapasa chini ya mto mara mbili. Usiku wa pili mara moja.

Kaka, ile programu yako ya abiria itasoma saa nyingi kuliko kitu chochote, na hilo lisikutishe. Ndiyo mkate wa nyumba. Wewe angalia zile za kijiweni, unaposubiri abiria. Ulituambia mwenyewe kwamba ukiwa kwenye video za mpira simu inaisha chaji mchana na unakosa safari za jioni. Tuambie wiki hii imekuwaje.

Mdogo wangu wa Dodoma, ulikuwa zamu ya usiku, kwa hiyo grafu yako itakaa kinyume na zetu. Usijilaumu kwa saa nane usiku, ulikuwa macho kwa sababu ya wagonjwa. Mimi naomba uangalie saa za asubuhi, ukishatoka zamu. Wiki ile ulisema unafika nyumbani saa mbili na unalala saa tano. Saa tatu hizo katikati zinakwenda kwa nani?

Na wewe kitinda mimba wetu, nakuandikia kwa upendo. Wiki iliyopita TikTok yako ilikuwa saa 19 na dakika 50. Gawanya kwa saba, ni karibu saa tatu kwa siku, na una jaribio Alhamisi. Sisemi huna nidhamu. Ile kurasa isiyo na mwisho, kwamba unasukuma juu na kingine kinakuja, ilibuniwa mwaka 2006 na mtu aitwaye Aza Raskin, na yeye mwenyewe amesema hadharani kwamba anajisikia hatia. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, sahani ya wali ina mwisho, ile haina, kwa hiyo mwisho lazima uuweke wewe. Nenda App Limits, iwekee dakika 45. Ila jihadhari na maneno Ignore Limit yatakayotokea muda ukiisha. Usiyaguse, walau mpaka jaribio lipite. Na kama unaona mkono utakushinda, mpe mwenzako wa chumbani aweke namba ya siri asikuambie.

Kwetu wa Android, kikomo kikifika programu inafifia rangi na haifunguki hadi saa sita usiku. Kwa hiyo kikomo peke yake hakikufai kama wewe ni wa kukesha, maana saa sita ikigonga hesabu inaanza upya. Mtu wa usiku awashe na Bedtime mode, kioo kigeuke cheusi na cheupe. Video ya mapishi isiyo na rangi haina ladha kabisa, nimejaribu.

Magrupu yenye kelele muyanyamazishe kwa Always, si kwa saa nane. Ya misiba na hili letu yaacheni wazi.

Mnakumbuka kwa nini tulianza. Idi mama alisafiri kutoka kijijini, akakaa kwenye kiti karibu na dirisha, nasi wanne tumemzunguka, kila mmoja kainamia kioo chake. Hakugomba. Wakati wa kuondoka alisema, "Nimekuja kuwaona wanangu, nimeona mapaji ya nyuso." Mimi neno lile bado sijalilaza.

Leo atatupigia saa tatu kamili, simu moja ya pamoja. Ripoti ziwe zimeshaingia hapa kabla ya hapo, na mtu akiwa anaongea na mama asiwe anafungua kitu kingine pembeni. Anajua, husikia sauti zetu zikipungua.

Nasubiri. Kaka, anza wewe.